Volteji Tatu Kwenye Rezista Moja: Mbona Sita na Sita na Tatu Inakuwa Tisa?

Haya jamani tuanze, walioko nyuma sogeeni maana hili feni la ukumbi linanizidi sauti. Leo sina mengi, nina rezista moja tu hapa mkononi, ile nyeupe ya simenti, omu 12, imeandikwa wati 10, nimeipitia Kariakoo asubuhi nikiwa nakuja.

Sasa tuchukulie tumeipa vyanzo vitatu vilivyofuatana kwenye laini moja. Cha kwanza betri ya volti 6. Cha pili transfoma inayotoa volti 6 RMS kwa hezi 50, yaani umeme wa kawaida wa ukutani ulioshushwa. RMS ndiyo volteji faafu, ile inayotoa joto sawa na betri ya volti hizohizo. Cha tatu ni sauti kutoka kwenye ampulifaya, volti 3 RMS kwa hezi 1000, ule mlio wa piii mnaoujua. Swali: rezista inakula wati ngapi?

Nimesikia mtu hapo kasema kumi na tano volti. Ndiyo jibu la wengi, 6 na 6 na 3 ni 15, kumi na tano mara kumi na tano gawa kwa 12, unapata wati 18.75, halafu unarudi dukani kutafuta rezista ya wati 25 ambayo huihitaji. Jibu la kweli ni wati 6.75, na volteji faafu ni 9. Ngoja nioneshe inatoka wapi.

Kumbukeni joto la rezista linafuata mraba wa volteji iliyopo nukta hiyohiyo, sio volteji yenyewe. Na volteji za nukta hiyohiyo zinajumlishwa kweli, hilo halina ubishi. Utamu uko kwenye ule mraba. Acheni betri kwanza, tuangalie transfoma na ule mlio. Tuseme kuna nukta ambapo wimbi la hezi 50 limefika volti 8. Wimbi la mlio lenyewe linakimbia mno, ndani ya nusu mzunguko wa lile kubwa, ambayo ni milisekunde 10, lenyewe limeshapanda na kushuka mara kumi. Kwa hiyo pale kwenye volti 8 litapita likiwa juu volti 4, na punde tu litapita likiwa chini volti 4, wakati lile kubwa halijasogea sana. Likiwa juu rezista inaona volti 12, hiyo ni wati 12. Likiwa chini inaona volti 4, hiyo ni wati 1.33. Wastani wake wati 6.67. Sasa pigeni hesabu ya kila mmoja peke yake: 8 peke yake ni wati 5.33, 4 peke yake ni wati 1.33, jumlisha... 6.67. Ileile!

Mmeona? Kile kilichozidi wakati wanasaidiana ndicho kimekatwa wakati wanapingana. Kwenye karatasi inaonekana hivi:

(v1 + v2)² = v1² + v2² + 2·v1·v2

Kile kipande cha mwisho, 2·v1·v2, ndicho wastani wake unakufa ukiwa sifuri kama frikwensi ni tofauti. Na betri nayo ihesabuni kama frikwensi sifuri, inaingia kwenye mkumbo huohuo.

Basi kazi inabaki nyepesi sana, kila chanzo unakihesabia wati zake kama vile wengine hawapo. Betri, 36 gawa 12, wati 3. Transfoma, wati 3. Mlio, 9 gawa 12, wati 0.75. Jumla 6.75. Ukitaka volteji faafu unarudi nyuma, 6.75 mara 12 ni 81, kipeuo cha pili ni 9. Mkondo faafu ni ampea 0.75. Ndio maana rezista yangu ya wati 10 inatosha, ingawa itakuwa moto wa kuunguza kidole, usiiguse.

Ila kilele hakijumlishwi hivyo, hapa watu wanachanganya. Kuna nukta ambapo vyote vitatu viko juu pamoja, 6 na 8.5 na 4.2, karibu volti 18.7. Joto halijali kilele cha kupita, lakini kapasita ukiiweka sambamba na hiyo rezista inajali, ukiweka ya volti 10 kwa sababu eti RMS ni 9, ikifa utailaumu bure.

Kupima je? Mita nyingi zilizoandikwa True RMS ukiweka AC zinaizuia DC isiingie, kwa hiyo hapa itasoma kama 6.71, yaani transfoma na mlio tu, na mtu anasema mwalimu katudanganya. Weka DC, itasoma 6. Halafu wewe mwenyewe unachanganya kwa mtindo uleule, mraba wa 6 na mraba wa 6.71, jumla 81, tisa hiyo. Mita za bei ya chini zinapima wastani wa wimbi na kuzidisha kwa 1.11, hiyo ni sahihi kwa wimbi safi la sain tu, kwa mchanganyiko kama huu usiiamini.

Kuna anayeuliza ampulifaya itakubali kupitishiwa mkondo wa betri na transfoma kupitia kwenye matokeo yake? Swali zuri kaka. Mara nyingi haitafurahi. Ukitaka kulifanya mezani changanya ishara zote zikiwa ndogo, kisha zikuzwe na ampulifaya moja inayopitisha DC, rezista haijui mchanganyiko ulifanyikia wapi.

Sasa niwaambie nilivyoungua. Miaka hiyo najifunza, nilishaielewa hii kanuni nikaipenda kupita kiasi, nikaunganisha transfoma mbili za volti 6 zikifuatana, zote zimechomekwa soketi moja, rezista omu 12 hivihivi. Nikapiga wati 3 na wati 3 ni 6, wati 10 inatosha, nikaenda kunywa chai. Narudi ukuta una alama nyeusi na harufu chumba kizima. Frikwensi ilikuwa ileile! Wale wawili walikuwa wanapanda pamoja na kushuka pamoja, hakuna wakati wa kupingana wa kulipia ule wa kusaidiana, kwa hiyo ilikuwa volti 12 kamili, wati 12. Na ningegeuza waya za transfoma moja ningepata sifuri, rezista ya baridi kabisa. Frikwensi moja, jumlisha volteji kwanza ukiangalia mwelekeo wa mawimbi, ndipo upige mraba. Frikwensi tofauti, mraba kwanza ndipo ujumlishe.

Dada pale mbele anauliza, je zikikaribiana, moja 50 na nyingine 50.1? Eeh, hapo pazuri. Kanuni bado inafanya kazi, wastani ni wati 6, lakini wastani wa muda gani? Tofauti ni 0.1, kwa hiyo kila sekunde 10 zinakutana zote juu na kuachana tena, nguvu inapanda taratibu hadi wati 12 na kushuka hadi sifuri. Hili jinene la simenti linachelewa kupata moto, litazunguka karibu na ile 6. Karezista kembamba ka robo wati, hata ukipunguza volteji kakabaki ndani ya wastani wake, katapata moto na kupoa kila sekunde 10, na ile sehemu ya juu inaweza kukamaliza.