Kuacha Sigara Ukiwa Barabarani Usiku

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko na madereva wa malori, pamoja na walinzi na wauguzi wa zamu ya usiku hapa Arusha. Maelekezo ya kuacha sigara karibu yote yanamlenga mtu anayelala usiku: bandika plasta ya nikotini asubuhi, bandua kabla ya kulala. Sasa kaka Elia, anayelala saa mbili asubuhi afanyeje?

ELIA: Siku yake ianze anapoamka, hata kama ni saa nane mchana. Nusu ya nikotini hutoka kwenye damu kwa masaa mawili hivi. Ukilala masaa sita, unaamka imebaki kidogo, ndiyo maana sigara ya kwanza inabana kuliko zote. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka ana uraibu mkubwa, na huyo anahitaji chingamu ya nikotini ya miligramu 4, siyo 2.

NEEMA: Tuchukue dereva anayemaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku. Anatoka Arusha saa kumi na mbili jioni, anapita Moshi, Same na Korogwe, anapumzika Chalinze asubuhi.

ELIA: Huyo anaanza na plasta ya miligramu 21. Akiamka mchana anabandika mkononi juu au kifuani, penye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku anahamisha sehemu. Plasta inachukua masaa kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo anaanza na chingamu moja papo hapo, kuziba pengo. Hatua hii ndiyo wengi wanaisahau. Wanabandika, nusu saa baadaye kiu ya sigara iko palepale, wanasema plasta haifai.

NEEMA: Na ratiba ikigeuka? Leo kalala asubuhi, kesho anapakua mzigo mchana na kulala usiku.

ELIA: Plasta moja kwa masaa 24, haiongezwi ya pili. Akisinzia dakika 20 pembeni ya barabara, haiguswi. Usingizi mkuu ukifika, kama ndoto zinamsumbua, anaibandua. Akiamka kabla ya masaa 24 kutimia tangu alipobandika, anatumia chingamu mpaka yatimie.

NEEMA: Chingamu yenyewe watu wanaitafuna kama bigijii.

ELIA: Hapo ndipo kwikwi na kiungulia vinapoanza, maana nikotini inamezwa. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali, iegeshe kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha utafune tena. Dakika 30 zinatosha. Kahawa au soda isipite mdomoni robo saa kabla, wala wakati wa kutafuna, kwa sababu uchachu unazuia nikotini kupenya mdomoni. Afadhali aitumie mapema, akiona foleni ya mizani inakuja, kuliko kusubiri kiu imshike.

NEEMA: Kahawa ndiyo inayowabeba hawa usiku.

ELIA: Na hapa kuna mtego. Moshi wa tumbaku unafanya ini livunje kafeini haraka. Moshi ukikoma, ndani ya siku chache kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vilevile vinne sasa vinaleta mapigo ya moyo ya kasi, mikono kutetemeka, na asubuhi usingizi hauji. Dereva anadhani ni kukosa sigara, anawasha. Apunguze kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa nusu tangu siku ya kwanza. Plasta haizuii hili, maana kinachochochea ini ni moshi, siyo nikotini.

NEEMA: Lakini anayevuta ili asisinzie?

ELIA: Hasira na kushindwa kutulia vya siku za kwanza sigara inavituliza. Usingizi haiulipi. Macho yakifumba, aegeshe salama, anywe kikombe kimoja, alale dakika 15 au 20. Kafeini inaanza kufanya kazi anapoamka.

NEEMA: Aanze lini?

ELIA: Siku ya kurudi Arusha na kuanza mapumziko, kamwe isiwe siku ya kuondoka. Siku tatu za mwanzo mpaka wiki ndizo ngumu zaidi, na umakini unapungua. Hizo azimalize nje ya usukani kadiri ratiba inavyoruhusu. Siku moja kabla aoshe kabini, atoe kibiriti na kisahani cha majivu, na akubaliane na utingo kwamba hakuna anayevuta ndani.

NEEMA: Akiteleza Segera akavuta moja?

ELIA: Plasta ibaki, asiibandue, aendelee. Miligramu 21 kwa wiki sita, 14 kwa mbili, 7 kwa mbili. Mjamzito au aliyepata shambulio la moyo karibuni amwone daktari kwanza. Na dereva anunue plasta na chingamu za safari nzima kabla ya kutoka mjini, azitenge na kiti chenye jua, maana joto la kabini linaziharibu.