Taa ya Mezani Inacheza: Kagua Ulimi wa Holda na Waya wa Plagi

Habari za saa hizi, watazamaji wangu. Leo niko kwenye meza yangu ya kazi hapa Majengo, Moshi, na mbele yangu kuna taa ya mezani aliyoileta asubuhi mama mmoja jirani. Binti yake yuko kidato cha nne na anasomea taa hii usiku. Wiki mbili sasa taa inacheza: inawaka, inafifia, inakatika kidogo, inarudi. Mama ameniambia hivi: "Fundi, nimeshanunua globu mbili pale kwa Mangi, zote zinafanya vilevile. Ikicheza naikaza, inatulia. Kesho yake inaanza tena."

Hayo maneno ya "naikaza, inatulia" ndiyo yaliyonionyesha pa kuanzia. Taa inayotulia ukigusa globu haidai globu mpya. Kuna mahali umeme unapita kwa kugusagusa tu, na leo tutapatafuta mahali hapo.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha ugonjwa ni wa taa yenyewe. Iwashe, kisha angalia taa ya dari. Kama zote mbili zinafifia kwa pamoja, tatizo liko kwenye waya za nyumba au kwenye umeme unaoingia, na hapo unamwita fundi mwenye leseni au unawaarifu TANESCO. Kama inayocheza ni hii ya mezani peke yake, ihamishie soketi nyingine ya ukutani. Mimi nimeijaribu kwenye soketi mbili, zote inacheza. Kisha nimetoa globu ya mama nikaifunga kwenye holda yangu nzima: imewaka dakika kumi bila kupepesa. Basi globu ni nzima na soketi za ukutani ni nzima. Tumebaki na taa, kuanzia holda mpaka plagi.

Sasa chomoa plagi ukutani. Nasema chomoa, sio kuzima swichi ya taa tu, na nitakwambia kwa nini. Swichi ya taa za aina hii hukata waya mmoja. Kama aliyefunga plagi aligeuza waya, swichi inakata ule usio na moto, na holda inabaki na umeme wa volti 230 huku taa ikiwa imezimwa. Ukiingiza kidole au bisibisi humo, unapigwa. Kwa hiyo chomoa, na plagi iweke mezani mahali unapoiona muda wote wa kazi. Kama ni globu ya zamani ya uzi, iache ipoe kwanza.

Fungua globu na uangalie kitako chake. Sogea karibu na kamera hapa. Unaona hii nundu ya risasi katikati? Pembeni kidogo ya nundu kuna doa jeusi, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nundu iliyogusa vizuri huwa na alama inayong'aa. Doa jeusi ni cheche: umeme ulikuwa unaruka uwazi mdogo kati ya globu na holda, na kila ukiruka unachoma kidogo.

Sasa mulika ndani ya holda kwa tochi ya simu. Hii ni holda ya kuzungusha, ile ya milimita 27. Pembeni kuna bati lenye mikunjo ya skrubu, na chini kabisa katikati kuna kibati chembamba kilichoinuka kama ulimi. Mimi nakiita ulimi. Waya wa moto unatakiwa kuishia hapo, na kazi yake ni kusukuma nundu ya globu kama springi. Ulimi wa taa hii umelala chini kabisa, umegusana na kaure. Hauna springi tena.

Mama hakukosea kwa nia, lakini ndivyo kila kukaza kulivyouua. Unapokaza globu kwa nguvu, unausukuma ulimi chini kuliko unavyoweza kurudi. Taa inatulia kwa usiku ule kwa sababu umeibana. Globu ikipata joto na kupoa, mguso unalegea tena, na ulimi sasa umelala zaidi ya jana. Cheche nazo zinaongeza joto, na joto linaondoa springi ya chuma. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyoumaliza.

Kuuinua, chukua bisibisi ndogo ya bapa. Angalia tena plagi: iko mezani? Sawa. Ingiza ncha chini ya mwisho wa ulimi, ule upande usiofungwa, na uinue taratibu mpaka usimame milimita 2 hadi 3 kutoka pale ulipolala. Usibinue kwenye shina lake, utaukata. Usiuinue ukaelekea pembeni pia, kwa sababu ukigusa bati la mikunjo unapata shoti siku ya kwanza ukiwasha. Kisha futa weusi kwa kipande cha msasa laini, mara tatu nne mpaka uone rangi ya shaba, na upulize vumbi. Nundu ya globu nayo ipitishie msasa kidogo tu.

Kuna ulimi usiofaa kurekebishwa. Ukiuinua ukarudi kulala wenyewe, au ukikuta umepauka na kuwa na rangi ya bluu, au plastiki ya holda imekuwa kahawia na inameguka ukiigusa kwa kucha, badilisha holda nzima. Na kama taa yako ina holda ya pini, ile ya kusukuma na kugeuza, huna ulimi wa kuinua. Ina pini mbili zenye springi. Zibonyeze kwa kijiti kikavu, na ikibaki moja imezama, holda imekwisha.

Rudisha globu. Zungusha mpaka usikie imekaa, ongeza kidogo tu, uache. Washa. Taa ya mama imetulia.

Wengi wanaishia hapa wanafunika kazi. Mimi kila taa iliyokuwa inacheza lazima niitikise waya kabla sijaitoa mikononi. Kwanza kagua ganda la nje la waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama limechanika au shaba inaonekana, jaribio hili usilifanye, waya huo unabadilishwa. Wa hapa ni mzima. Nashika waya karibu na holda, naukunja polepole: kimya. Nakuja kwenye swichi ya katikati: kimya. Nakuja karibu na plagi, kama shibiri moja kutoka kwenye pini, naukunja kidogo. Umeona? Imepepesa. Ukisikiliza vizuri kuna mlio mdogo ndani ya plagi, kama mafuta yanayoanza kukaanga. Ni kasoro ya pili, na ingemrudisha mama hapa baada ya wiki moja.

Chomoa tena. Hii ni plagi ya pini tatu bapa. Geuza uone skrubu kubwa katikati ya pini, ifungue kwa bisibisi ya nyota, toa kifuniko. Weka plagi pini ile ndefu ikiwa juu na ndani ikikutazama. Waya wa bluu uko kushoto. Wa kahawia, ndio wa moto, uko kulia kwenye fyuzi. Ukiwa na taa ya chuma utakuta na waya wa tatu wa kijani na njano, unaokwenda pini ya juu, na huo usiuache ukining'inia wala kuukata. Taa hii ni ya plastiki, ina waya mbili.

Tazama wa kahawia kwa karibu. Skrubu imekanyaga ganda la waya badala ya shaba. Nyuzi tatu ndizo zilizoshika, zilizobaki zimekatika na moja imepinda kuelekea upande wa bluu. Umeme wote wa taa ulikuwa unapita kwenye nyuzi tatu. Na hapa chini, kibanio cha waya kimelegea kabisa, kwa hiyo kila aliyechomoa kwa kuvuta waya alikuwa anavuta hizi nyuzi.

Tengeneza hivi. Legeza skrubu zote mbili, toa waya, kata sentimita 2 hivi mpaka upate shaba safi isiyo nyeusi. Lalisha waya ndani ya plagi upime urefu, halafu menya ganda la ndani kama milimita 8. Sokota nyuzi zote pamoja. Waya za taa ni nyembamba, kwa hiyo kunja ncha mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kukamata. Ingiza shaba yote, ganda liishie mlangoni pa tundu, kaza. Vuta waya kwa vidole: usitoke hata kidogo. Fanya hivyo na wa bluu. Mwisho kaza kibanio juu ya ganda la nje, sio juu ya waya za rangi, ili mkono ukivuta, kibanio ndicho kibebe nguvu.

Fyuzi niliyokuta ni ya ampea 13. Globu hii ni wati 9, inavuta kama ampea 0.04 tu. Fyuzi inalinda waya, na waya mwembamba namna hii unaweza kuungua kabla fyuzi ya 13 haijakatika. Naweka ya ampea 3.

Kama plagi yako ni ile iliyoyeyushwa pamoja na waya, haifunguki. Ikate, ufunge plagi mpya, na iliyokatwa pinda pini zake au ivunje kabisa kabla ya kuitupa. Mtoto akiiokota akaichomeka, ncha za waya zilizobaki zina moto.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio na uhakiki jambo moja kabla ya kuwasha. Plagi ikiwa nje ya soketi, globu imetolewa, swichi ya taa imewashwa, gusa pini ya upande wa fyuzi na ulimi wa holda. Mita ilie hapo, isilie ukigusa bati la mikunjo. Ikiwa kinyume, kabla hujageuza chochote hakikisha kahawia iko kwenye fyuzi. Kama iko, aliyekosea ni aliyefunga holda, na kwenye holda ndiko unakogeuza.

Funga kifuniko, rudisha globu, chomeka. Naukunja waya palepale karibu na plagi: haipepesi, na ule mlio haupo. Nitaiacha iwake nusu saa, kisha nichomoe na kushika plagi kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna skrubu sijaikaza sawasawa au vishikio vya fyuzi vimelegea, nitafungua tena. Ikiwa baridi kama meza, mama ataichukua jioni hii, na binti asome.