Acha kimya ndani ya rekodi

Nimeshasema hii kitu ya kujirekodia maswali na kuacha kimya cha kujibu mpaka watu wananiona nikikuja wanajua ni rekodi tena, lakini nitarudia kwa sababu bado kuna mtu hapa anatoka shifti ya usiku JKIA, anapanda mathree ya 34, anaweka eafoni na anasikiliza sura nzima ya nadharia ya urubani ikisomwa kama habari za saa moja. Akifika tao hakumbuki kitu. Sasa utaniambia "lakini mwalimu, si inaingia polepole?" Haiingii! Kusikia si kukumbuka, na ukiwa umekesha unasikia tu sauti.

Fanya hivi. Siku ya ofu chukua rikoda ya simu, uliza swali kwa sauti yako, nyamaza, halafu jibu. Mfano densiti altitudi, yaani urefu ambao ndege inahisi iko hewa ikiwa nyepesi kwa joto, maana hapa uwanja wa Wilson tuko kama futi 5,500 juu ya bahari na hiyo hesabu itakusumbua. Rekodi hivi: "Uwanja futi 5,500, presha ya kawaida, joto digrii 26, ndege itahisi iko futi ngapi?" Kisha kimya cha sekunde 20 hivi. Kwenye hicho kimya wewe unapiga hesabu kichwani: usawa wa bahari ni digrii 15, kila futi 1,000 toa kama 2, kwa hivyo hapa ingetakiwa iwe 4. Lakini ni 26, imezidi kwa 22, na kila digrii moja inaongeza kama futi 120, hiyo ni 2,640. Jumla 8,140. Ndiyo unaelewa mbona ka-Cessna kamejaa kanakula ranwei yote mchana.

Kwa nini kimya kiwe ndani ya rekodi? Kwa sababu unafua, mikono iko kwa sabuni, utabonyeza pozi na nini? Na kwa mathree simu ikae mfukoni, ukiitoa kila dakika karibu na dirisha utarudi nyumbani bila simu na bila noti.

Kimya kikiwa kifupi utajidanganya. Ukijipata unanong'ona jibu pamoja na sauti, hukukumbuka, umefuatilia tu. Na ukijibu kabla swali liishe, umekariri mpangilio, haujui hesabu, kwa hivyo rekodi upya, badilisha joto iwe 18, badilisha uwanja.

Mengine haraka. Ukitoka shifti asubuhi usianze mada mpya, rudia tu unayoyajua, kisha ulale. Sheria za anga na hali ya hewa zinakubali masikio vizuri sana. Ramani hapana, kuchora njia na kupima nyuzi kwa protrakta hakuna sauti itakufundisha, hiyo ni meza, penseli na siku ya ofu, na usiniletee stori ya kufanya kwa basi.