Slaidi moja, pampu mbili

Tazameni slaidi hii. Muuzaji anataka kumwonyesha mkulima wa Kitengela pampu mbili za sola, moja ya kisima cha kina kifupi, nyingine ya kirefu. Kushoto ameandika bei, kina, maji kwa saa, udhamini. Kulia ameandika maneno yayo hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msongamano huu ni marudio, na watu wengi wakiuona hukimbilia kupunguza herufi. Mimi naanza na lebo.

Ziondoe pande zote mbili, uzipange katikati mara moja tu. Slaidi ya PowerPoint ya 16:9 ina upana wa sentimita 33.87. Ukiacha 1.5 kila ukingo na 5 za lebo katikati, kila pampu inabaki na karibu 13. Humo weka takwimu peke yake: "mita 30" huku, "mita 80" kule, kwa herufi za 28. Za kushoto zipangwe kuelekea kulia, za kulia kuelekea kushoto, ili zote zikae karibu na lebo. Kipimo kiwe kimoja. Ukitaja lita upande mmoja na mita za ujazo upande wa pili, mkulima atapiga hesabu badala ya kukusikiliza. Na udhamini ukiwa mwaka mmoja kwa zote mbili, utoe kwenye safu, uuandike chini kama mstari mmoja.

Ukitumia mpangilio uitwao Comparison, kuna mtego. Maneno ya kulia yakizidi kisanduku, programu huyapunguza yenyewe, lakini ya kushoto haiyagusi. Jicho linahisi pampu ya kulia ni ya daraja la chini, na hujui kwa nini. Bofya kila kisanduku, soma ukubwa wa herufi: 24 huku, 20 kule, basi umepata jibu. Nenda Format Shape, kisha Text Box, uchague Do not Autofit pande zote. Sasa maneno yatamwagika nje ya kisanduku, na hilo ni jambo jema, maana utaona sentensi ipi ya kukata.

Picha nazo hudanganya. Fremu mbili zinaweza kulingana kabisa, lakini moja ikawa na nafasi nyeupe kuizunguka pampu, ikaonekana ndogo mbele ya mwenzake. Kata weupe kwanza, ndipo upime. Lakini kama pampu moja ni ndefu mara mbili ya nyingine, msizilinganishe kwa nguvu: urefu huo ni habari ya kweli, mkulima anauhitaji.

Mwaniuliza, pampu moja ikiwa na sifa sita na nyingine tatu? Sifa ambazo hazina mwenzake upande wa pili zipeni slaidi yao, inayofuata. Hapa baki na zile ambazo pampu zote mbili zinaweza kujibu.