Breki ya mbele kali, tairi la nyuma linanyanyuka lini? Tunapima boda kwa mizani ya magunia

Oya wadau, mambo vipi, leo tupo Nzuguni hapa nyuma ya gereji, jua la Dodoma kama mnavyoliona halina huruma, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye kazi.

Swali lilitoka kijiweni. Jamaa mmoja anabeba zabibu kutoka Mpunguzi kuleta mjini, na kreti analiweka juu ya tenki mbele yake, anasema akilifunga nyuma kwenye keria mashimo yanazipondaponda. Sasa siku moja mbuzi kakatiza, jamaa kabana breki ya mbele, anasema nyuma ya pikipiki "ikapaa". Wenzake wakamcheka, eti boda ya 125 haipai, hiyo ni mambo ya pikipiki kubwa za kwenye sinema. Mimi nikasema tusibishane, tupime, maana hili jambo linapimika kwa futi kamba na mizani tu.

Wazo lenyewe ni hili. Ukibana breki ya mbele, tairi la mbele linasukumwa kurudi nyuma na lami, ila uzito wako na wa pikipiki upo juu, hautaki kusimama, unataka kuendelea mbele na kukupindua kupitia pale tairi la mbele linapogusa chini. Kinachokushikilia usipinduke ni uzito huohuo kuvutwa chini, kwa sababu upo nyuma ya tairi la mbele. Kwa hiyo vipimo vinavyotakiwa ni viwili: kitovu cha uzito kipo umbali gani nyuma ya tairi la mbele, huo tuuite b, na kipo juu kiasi gani kutoka chini, huo tuuite h. Pale tairi la nyuma linapobaki linagusa lami kwa jina tu, kasi ya mwendo kupungua tuiite a, na hesabu inakuwa hivi:

```
a = g × b / h
```

Hiyo g ni mvuto wa dunia, 9.81. Angalieni vizuri, kilo hazimo humo ndani. Pikipiki nzito na nyepesi zikiwa na b na h sawa, zinanyanyuka kwenye breki ileile.

Haya, hatua ya kwanza, futi kamba. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma. Hii yetu imetoka sentimita 128. Halafu pima kutoka chini mpaka katikati ya ekseli, hapo tumepata 29, mbele na nyuma karibu sawa. Upepo wa tairi jaza kwanza, tairi lililolegea litakudanganya.

Hatua ya pili, mizani. Hii tumeazima kwa mfanyabiashara wa mahindi, ni ile ya jukwaa ya kupimia magunia. Dereva anapanda, anakaa kama anavyokaa barabarani, miguu kwenye pedo, mikono kwenye usukani, na watu wawili wanashika pembeni ili isianguke TU, msiinyanyue wala msiikandamize. Mizani yetu ina kimo cha sentimita 8, kwa hiyo tairi ambalo haliko kwenye mizani nalo unaliwekea ubao wa sentimita 8, pikipiki ikae sawa. Tumepima mbele tukapata kilo 84, tukageuza tukapima nyuma, kilo 102. Jumla 186. Dereva peke yake ana 68 na pikipiki ikiwa na mafuta ina 118, ukijumlisha ni 186, safi. Jumla zikikataa kukutana, kuna mtu amening'inia kwenye keria, rudia.

Sasa b inapatikana hapohapo: 128 mara 102 gawanya kwa 186, ni sentimita 70.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe, h, na hapa ndipo wengi wanakisia kwa macho. Kitovu cha uzito hakionekani, kipo hewani mahali fulani kati ya injini na tumbo la dereva, huwezi kukigusa na futi kamba. Ujanja ni kuinua tairi la mbele halafu uone uzito gani umehamia nyuma. Uzito ukiwa juu sana, unahama sana, ukiwa chini, unahama kidogo. Tairi la nyuma liko kwenye mizani, la mbele tumelipandisha kwenye tofali sentimita 40 juu ya la nyuma, dereva kapanda tena, mkao uleule, asiegemee mbele kwa kuogopa.

Soma hapo... 120. Ilikuwa 102, zimehama kilo 18.

Hesabu yake: chukua 40 gawanya kwa 128, ni 0.3125, hiyo ndiyo saini ya pembe ambayo pikipiki imeinuka, tanjiti yake ni 0.329. Halafu:

```
h = 29 + (128 × 18) / (186 × 0.329)
```

Inatoka 29 jumlisha 37.7, yaani karibu sentimita 67. Hiyo 29 ni ile ya ekseli, tunaianzia hapo kwa sababu hesabu inatupa kimo cha kuanzia ekseli kwenda juu.

Niwaambie nilipokosea mara ya kwanza. Nilishindwa kupata tofali, nikapandisha tairi sentimita 10 tu, nikaona inatosha. Kilo zilizohama zilikuwa kama 4, na mizani ya magunia kusogea kilo moja ni kitu cha kawaida, sasa pale kwenye sentimita 10 kosa la kilo moja linakuletea kosa la karibu sentimita 9 kwenye h, nikapata pikipiki yenye uzito kichwani kwa dereva! Ukipandisha 40, kosa la kilo moja linakuletea sentimita 2 tu. Kingine, msibane breki zote mbili pikipiki ikiwa imeinuliwa, matairi yanaanza kusukumana, moja juu moja chini, na mizani inasoma uongo. Bana ya nyuma peke yake, ya mbele iache huru.

Haya, tugawanye. 70.2 kwa 66.7 ni 1.05. Ukizidisha na 9.81 unapata 10.3, yaani kila sekunde mwendo unapungua mita 10.3 kwa sekunde. Ukiwa kwenye 50 kwa saa, ungesimama ndani ya mita 9 na kitu.

"Sasa kaka mbona mi sisimami kwenye mita tisa?" Huyu mdogo wangu wa hapa kijiweni kauliza, na ameuliza la maana. Kwa sababu lami ina yake ya kusema. Tairi la kawaida kwenye lami kavu linashika kama 0.8 ya uzito, tairi zuri na lami nzuri inaweza kufika 0.9 au karibu na 1. Sasa linganisha hiyo na 1.05 yetu. Kile kidogo ndicho kinaanza. Kwa 0.8, tairi la mbele linateleza kabla la nyuma halijanyanyuka, na kusimama kutoka 50 kunakula mita 12 hivi, bado hujahesabu muda wa mkono wako kufika kwenye breki. Kwenye vumbi ndiyo usiseme, hapo ni kuteleza tu. Kwa hiyo waliomcheka jamaa walikuwa na haki, kwa pikipiki yenye dereva peke yake.

Ila jamaa hakuwa peke yake, alikuwa na kreti.

Turudi kwenye ubao. Kila mzigo una b yake na h yake. Kreti la zabibu la kilo 21 juu ya tenki, katikati yake ipo sentimita 55 nyuma ya ekseli ya mbele na sentimita 105 kutoka chini. Gawanya, 0.52, nusu ya ile ya pikipiki. Mzigo wenye namba ndogo kuliko ya pikipiki unaishusha, wenye namba kubwa unaipandisha, basi. Tukichanganya kwa kilo, b inakuwa 68.7 na h inakuwa 70.5, jibu 0.97. Tayari tumeshuka chini ya moja. Halafu akibana breki viwiko vinakunja, mwili unasogea mbele, chukulia sentimita 10 tu: b inabaki 65.4, jibu 0.93. Na hapo bado shokapu za mbele hazijazama, zikizama ekseli ya mbele inarudi nyuma kuelekea kwako na b inaliwa tena kidogo. Kwenye lami nzuri kavu na tairi zuri, hiyo namba inafikika. Jamaa hakudanganya.

Kreti hilohilo likae kwenye keria: sentimita 135 nyuma, 95 juu, namba yake 1.42, na pikipiki nzima inapanda mpaka 1.1. Zabibu zitapondeka, hilo siwezi kubisha, labda aweke godoro chini.

Na abiria je? Hapa wengi wanashangaa. Abiria wa kilo 70 anakaa kama sentimita 110 nyuma na 100 juu, namba yake 1.1, pikipiki inatoka 1.05 inakwenda 1.07. Hakuna kilichobadilika! Ameongeza urefu na ameongeza unyuma kwa pamoja. Ila akiteleza kwenye siti akakusukuma kifuani kwenye tenki, hesabu ni nyingine.

Mteremko nao, kama ule wa kushuka kutoka UDOM. Tuseme ni asilimia 6. Unapoteza karibu 0.6 kwenye ile 10.3, unabaki na 9.7. Lakini kipi kinaanza, kuteleza au kunyanyuka, mteremko haubadilishi, kwa sababu lami nayo inapungukiwa kiasi hichohicho.

Utajuaje barabarani kwamba umekaribia? Mkia unaanza kuyumba kushoto kulia kama wa samaki, na breki ya nyuma ukiigusa kidogo tu tairi linajifunga na kulia, kwa sababu halina uzito wa kulishikilia. Ukisikia hivyo legeza ya mbele nusu kidole, usiiachie yote. Sisi tulijaribu kwenye kiwanja kitupu, mwendo wa 20, bila kreti na bila abiria, na kwenye mchanga laini mstari wa tairi la nyuma ulibaki mwembamba kama wa baiskeli, ona huu hapa, na hapa ndipo tairi la mbele lilipoanza kuteleza.