Kwa Nini Mawimbi ya S Hayavuki Kiini cha Nje

Mabibi na mabwana, tetemeko hutuma ndani ya dunia mawimbi ya aina mbili. Lile la P, linalofika kwanza, hubana mwamba na kuuachia, na chembe zake huenda mbele na kurudi nyuma kufuata njia ya wimbi. La S huja baadaye. Lenyewe linakwenda mbele, lakini chembe linazisukuma pembeni.

Sasa, wimbi haliwezi kwenda bila kitu kinachokataa kubadilishwa na kujirudisha kilivyokuwa. Kioevu kikibanwa, kinajirudisha. Kikisukumwa pembeni, hakijirudishi. Laza kiganja juu ya maji ukisogeze: maji yanakuachia tu, hayakuvuti kurudi ulikotoka. Mwendo wa wimbi la S ni √(μ/ρ), ambapo ρ ni msongamano na μ ni ukaidi wa kitu dhidi ya kusukumwa pembeni. Katika kioevu μ ni sifuri, basi mwendo nao ni sifuri. Wimbi la P lina ukaidi mwingine wa kulibeba, ule wa kubanwa, kwa hiyo linapita, ila kwa kupunguza mwendo: kina cha kilomita 2,890 hivi, mwamba unapokutana na kiini cha nje, ambacho ni kioevu, linashuka kutoka karibu kilomita 13.7 kwa sekunde hadi 8.

Ndiyo sababu vituo vilivyo zaidi ya nyuzi 104 hivi kutoka kwenye tetemeko, zikipimwa kutoka katikati ya dunia, havipati wimbi la S la moja kwa moja.

Lakini kuna mtego hapa. Mwaka 1906 Richard Oldham, aliyeonyesha kwamba dunia ina kiini, alidhani mawimbi ya S yanakivuka, ila kwa kuchelewa. Kumtambua S si rahisi. Kuna wimbi linaloanza kama S, likifika mpakani sehemu yake inageuka P, inavuka kiini, kisha inageuka tena S upande wa pili. Linaitwa SKS, na kwenye karatasi ya kipimo linafanana mno na S. Hata kabla ya nyuzi 104, kuanzia nyuzi 83 hivi, SKS humtangulia S mwenyewe, kwa kuwa P ndani ya kiini huenda kwa kasi kuliko S kwenye mwamba wa juu yake, ambako hafiki kilomita 7.5 kwa sekunde.

Tunamtambuaje SKS? Kwa mwelekeo wa mtikisiko. S akitikisa chembe kwa ulalo, sambamba na uso wa kiini, habani chochote mpakani, hivyo hawezi kuzaa P, huakisiwa wote. Kwa hiyo SKS, kwa kawaida, hutikisa kipimo kwa kufuata mstari wa kuelekea tetemeko, wala si kukatisha mstari huo. Mkono wa kipimo unaokatisha mstari huo ukitulia wakati ule unaoufuata unacheza, huyo ni SKS.