Chunguza gundi ilikobaki

Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Kisu hiki kizunguke, kila mmoja akishike. Mpini wake ni wa mninga. Niliubandika mwenyewe kwa epoksi ya mirija miwili, ukachomoka baada ya miezi michache. Chungulieni ndani ya tundu la mpini: gundi yote imo humo, ngumu kama kokoto. Sasa tazameni ulimi wa chuma uliokuwa umeingia ndani. Unang'aa, hauna hata chembe ya gundi.

Kwa hiyo gundi yenyewe haikuvunjika, iliachana na chuma. Kila kiungo kikifunguka, anzeni kwa kutazama hapo. Gundi ikiwa imebaki pande zote mbili, imekatika katikati, na mara nyingi ni kwa sababu ya kuchanganywa vibaya. Mkikuta nyuzi za mbao zimeng'ang'ania chuma, kazi ya kubandika ilikuwa nzuri, mbao ndiyo iliyozidiwa.

Kosa langu lilikuwa la mpangilio. Nilipiga msasa kwanza, nikafuta mafuta baadaye, tena kwa petroli. Chuma kipya huwa na mafuta ya kuzuia kutu, na msasa ukipita juu yake huyasukuma ndani ya mikwaruzo. Petroli nayo huacha utando wake. Siku hizi naanza kwa kuosha chuma kwa asetoni, kisha napiga msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, kisha nafuta tena kwa asetoni na kitambaa cheupe, nikibadilisha upande wa kitambaa mpaka kisiache doa. Baada ya hapo sigusi kwa kidole, maana jasho na mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi.

Mnataka kujua kama kimetakata? Dondosheni maji safi. Yakitandaa yakawa utando mmoja, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, kama yanavyofanya juu ya jani la mgomba, rudini mwanzo. Mkisharidhika, kausheni vizuri na mbandike mapema. Huku pwani chuma kilichokwanguliwa hakichelewi kushika kutu.

Mbao iwe kavu, ipigwe msasa na vumbi lote litolewe. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hiyo ufuteni kwa asetoni na mbandike mara inapokauka. Tundu nalipanua kidogo, kama nusu milimita kila upande wa ulimi, ili gundi ipate nafasi. Pia natoboa matundu mawili madogo kwenye ule ulimi, au nautia meno kwa tupa, gundi ipenye na kuufunga.

Sasa kuchanganya. Mirija hii ni ya moja kwa moja kwa ujazo: rezini sehemu moja, kigumishi sehemu moja. Nyingine ni mbili kwa moja au tano kwa moja, na lazima msome kama ni kwa ujazo au kwa uzito. Wengi huongeza kigumishi, kile ambacho wenzetu wa rangi za magari huita hadina, wakidhani gundi itakauka haraka. Sivyo. Rezini na kigumishi huungana kwa kiasi maalumu. Kinachozidi hubaki bila mwenza ndani ya gundi na kuifanya laini au ya kunata, na haiwi ngumu hata mkingoja wiki.

Vaeni glavu, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa gundi hii huwasha kila mnapoigusa. Changanyeni juu ya kipande cha vigae, dakika nzima, mkikwangua pembeni na chini mpaka michirizi yote ipotee. Msiirundike kwenye kikombe. Ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha moto yenyewe, inaweza kutoa moshi, na huganda kabla hamjaifikisha kwenye kazi. Kwa joto la hapa Dar es Salaam, ile ya dakika tano haifiki tano. Kwa mpini natumia ile ya polepole.

Naipaka kwenye chuma nikiisugua ndani ya mikwaruzo, naisukuma kwenye tundu kwa kijiti, kisha naingiza ulimi taratibu hewa itoke. Jiriwa naikaza kidogo tu. Mkikaza sana gundi yote hukimbia na kiungo kinabaki kikavu. Iliyofurika naifuta kwa spiriti ingali mbichi, kisha kisu kinalala saa 24.

Kwa plastiki, bomba la PVC hushika likikwanguliwa na kufutwa kwa spiriti. Asetoni isilifikie, hulilainisha. Ndoo na madumu ya kawaida msijisumbue, epoksi hubanduka kama ganda, hata mpige msasa vipi. Fungeni kwa skrubu au ribiti.

Na mwambieni mwenye kisu asikitumbukize kwenye maji yanayochemka. Epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gundi ya zamani iliyobaki ndani ya mpini huu wa mninga nitaitoa kwa joto hilohilo: nitailegeza taratibu, niikwangue yote tunduni, nianze upya na asetoni.